Tarehe ya Mtu Mwingine

Ukikaa Jinja, au katika vijiji vya Busoga vinavyoizunguka, hutakosa kukutana na mwanamke aitwaye Kevin. Mwingine huandika Kevina, mwingine Kevin bila herufi ya mwisho, na hakuna mwenyeji atakayeona ajabu. Anayeona ajabu ni mgeni kutoka Ulaya au Marekani, kwa kuwa kwao hilo ni jina la mwanamume. Ukimwuliza mwenye jina alilitoa wapi, jibu huwa fupi: kwa Mama Kevina. Lakini ukitaka kujua sikukuu ya somo wake ni lini, yaani siku ambayo Kanisa linamkumbuka mtakatifu mwenye jina hilo, itakubidi ufuate njia ndefu zaidi. Nimeichagua njia hiyo ndiyo iongoze sura hii, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivi jinsi sikukuu ya somo isivyofanana na sikukuu ya kuzaliwa.

Mama Kevina alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Wicklow, mashariki mwa Ireland, akabatizwa Teresa. Jina la ukoo lilikuwa Kearney. Alipoingia utawa kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London, aliliacha jina la ubatizo, kama ilivyokuwa desturi ya watawa wakati ule, akawa Mary Kevin. Januari 1903 alifika Uganda pamoja na masista wenzake watano. Walikuja kuwasaidia mapadre wa Mill Hill, ambao tangu mwaka 1894 walikuwa wamekabidhiwa na Roma vikariati mpya ya Nile ya Juu, eneo pana lililoanzia Nsambya na kuelekea mashariki, likijumuisha Busoga na Bugisu. Kazi ya uuguzi aliianza Nsambya chini ya mwembe. Kutoka hapo ilienea mpaka Kamuli, Nyenga, na Buluba, ambako mwaka 1934 ilianzishwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1923 alianzisha Nkokonjeru shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba 1957, na mwili wake ukaletwa Uganda ukazikwa Nkokonjeru. Wazazi waliompenda waliwapa binti zao jina lake, na binti hao wakawapa wajukuu.

Ila Mama Kevina hajatangazwa kuwa mtakatifu. Mchakato wake ulifunguliwa katika Jimbo la Lugazi mwaka 2016, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza kabisa katika safari hiyo. Mtumishi wa Mungu hana siku katika kalenda. Kwa hiyo mwanamke wa Jinja anayemtafuta somo wake lazima ampite Mama Kevina amfikie yule ambaye Mama Kevina mwenyewe alichukua jina lake: Kevin wa Glendalough, abate aliyeishi na kujenga monasteri katika bonde la milima ya Wicklow, mkoa uleule aliozaliwa Teresa Kearney. Kwa mapokeo alifariki mwaka 618, na anakumbukwa tarehe 3 Juni.

Mganda yeyote akisikia 3 Juni anajua siku hiyo ni ya nani. Ni siku ya Mashahidi wa Uganda. Ofisi zinafungwa nchi nzima, na maelfu ya watu wako Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Mbale, safari ya zaidi ya kilomita 200, na kutoka Jinja, karibu kilomita 80. Hivyo Kevina wa Busoga, kwa njia iliyopitia Ireland na karne kumi na nne, anajikuta na sikukuu ya somo siku moja na akina Kizito, akina Lwanga na akina Mugagga. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Abate wa Ireland alikuwa na tarehe hiyo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya moto wa Namugongo kuwashwa tarehe 3 Juni 1886.

Sasa asubuhi hiyo Kevina akienda kanisani, atasikia nini? Padre amevaa kanzu nyekundu ya mashahidi, masomo ni ya mashahidi, sala zinamtaja Karoli Lwanga na wenzake. Kevin wa Glendalough hatajwi kabisa. Hapo ndipo watu wengi hudhani wamekosea tarehe, na hawajakosea. Kanisa Katoliki lina orodha mbili. Ya kwanza ni kalenda ya liturujia, inayosema Misa ya siku ni ya nani, nayo ina nafasi chache, kwa sababu siku moja haiwezi kubeba Misa za watakatifu ishirini. Ya pili ni Martirolojia ya Kirumi, kitabu kinachotaja watakatifu na wenye heri kwa kila tarehe ya mwaka, wengi wao wasioonekana kamwe kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani parokiani. Sikukuu ya somo inaweza kutoka katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Anayetafuta jina kwenye kalenda ya ukutani peke yake atawaambia watu wengi kwamba hawana somo, ilhali wanaye.

Siku Mama Kevina akitangazwa mtakatifu, kutazuka swali jingine. Desturi ni kumpa mtakatifu mpya siku aliyofariki, lakini tarehe 17 Oktoba tayari ina kumbukumbu ya Ignasi wa Antiokia, askofu na shahidi wa karne ya pili. Palipo na mgongano kama huo, Kanisa huweza kutafuta siku nyingine ya karibu, au tarehe nyingine yenye uzito katika maisha ya mhusika. Vyovyote itakavyokuwa, wanawake wa Jinja wataulizwa swali ambalo bibi zao hawakuulizwa: somo wako ni abate wa Glendalough, au ni sista wa Nkokonjeru?

*

Katika maelezo hayo yote, tarehe ya kuzaliwa haijafanya kazi yoyote. Tarehe 28 Aprili, siku aliyozaliwa Teresa Kearney, haimpi mtu sikukuu. Tarehe aliyozaliwa Kevin wa Glendalough hakuna anayeihitaji. Siku inayohesabiwa ni ya kufa.

Chanzo chake ni cha zamani sana. Wakristo wa Smirna, katikati ya karne ya pili, walipomzika askofu wao Polikarpo aliyechomwa moto, waliandika kwamba watakutana kaburini kwake kila mwaka kuadhimisha siku ya kuuawa kwake, na siku hiyo wakaiita ya kuzaliwa. Walimaanisha kuzaliwa mbinguni. Siku ya kuzaliwa duniani haikuwa na heshima kwao. Mwalimu mkubwa Orijene, karne moja baadaye, aliona kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku zao za kuzaliwa ni Farao na Herode, na sherehe zote mbili zilimwaga damu: mkuu wa waokaji wa Farao alitundikwa, na kichwa cha Yohane Mbatizaji kililetwa kwenye sinia. Leo hatusomi Maandiko kwa ukali huo, lakini wazo la Orijene linasaidia kuelewa kwa nini kalenda ya watakatifu, kwa sehemu kubwa, ni kalenda ya vifo.

Walioruhusiwa kuingia kwa kuzaliwa ni watatu tu: Yesu tarehe 25 Desemba, Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Yohane ana siku mbili, kwa kuwa kukatwa kichwa kwake kunakumbukwa tarehe 29 Agosti, ile sikukuu ya kuzaliwa ya Herode ikiwa imegeuzwa kuwa sikukuu ya aliyeuawa ndani yake.

Hili linabadilisha maana ya sherehe yenyewe. Sikukuu ya kuzaliwa humtazama mtu alipoanza, kabla hajafanya lolote. Sikukuu ya somo humtazama mtu mwingine alipomaliza, maisha yake yakiwa yamekwisha kupimwa. Mtoto wa miaka mitano anayeitwa Kizito hupewa kama siku yake tarehe ambayo kijana wa umri wa karibu miaka kumi na minne aliteketezwa. Wengine wanaona jambo hilo ni zito mno kwa mtoto. Mimi naliona ni la haki, kwa sababu mtoto huyo ataulizwa jina lake maisha yake yote, na ni vema ajue mapema limebeba nini.

*

Kevina ana jina lenye mtakatifu mmoja anayejulikana. Walio wengi hawana urahisi huo. Mchukue mtu aliyebatizwa Matia, jina la kawaida kabisa mashariki mwa Uganda, tumtafutie siku yake hatua kwa hatua.

Mahali pa kuanzia ni daftari la ubatizo la parokia. Sheria ya Kanisa inataka liandikwe jina la mbatizwa, mbatizaji, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, pamoja na mahali na siku ya kuzaliwa. Hakuna safu inayouliza ni mtakatifu yupi mwenye jina hilo. Daftari litasema Matia, basi. Ikiwa wazazi au katekista hawakumwambia mtoto, inabidi kukisia kutokana na wakati na mazingira.

Akiwa alibatizwa kabla ya mwaka 1920, somo wake ni mtume Matia, yule aliyepigiwa kura akachukua nafasi ya Yuda. Hakukuwa na Matia mwingine wa kudai jina hilo huku kwetu. Tarehe 6 Juni 1920 Papa Benedikto XV aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa wenye heri, na mmoja wao alikuwa Matia Kalemba Mulumba. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza kuwa watakatifu. Kwa watu wa Jinja Kalemba si mgeni: alizaliwa Bunya, Busoga, akachukuliwa mateka akiwa mtoto, akakulia Buganda. Alipitia kwanza Uislamu, kisha mafundisho ya Waprotestanti, mwisho akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882 akapewa jina la yule mtume. Hakuchomwa Namugongo pamoja na wenzake. Alikatwa viungo Kampala ya zamani, akaachwa afe polepole, na akafa tarehe 30 Mei 1886. Kwa hiyo Matia wa Busoga aliyebatizwa baada ya mwaka 1964 anaweza kudai kwa haki kabisa kwamba somo wake ni mzaliwa wa kwao. Siku yake katika kalenda ni 3 Juni pamoja na wenzake wote, na siku ya kifo chake mwenyewe ni 30 Mei.

Tuseme hata hivyo kwamba wazazi walimkusudia mtume. Bado hatujamaliza, kwa sababu siku ya mtume Matia ilihamishwa. Kwa karne nyingi ilikuwa tarehe 24 Februari. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alitoa kalenda mpya iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, na mtume Matia akapelekwa 14 Mei. Februari 24 mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima, na waliorekebisha kalenda walitaka Kwaresima ibaki wazi iwezekanavyo, isikatwekatwe na sikukuu. Mei ilifaa, kwa kuwa kuchaguliwa kwa Matia kulitokea kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, kipindi kinachoangukia mwezi huo katika miaka mingi. Tomaso naye alitolewa 21 Desemba akawekwa 3 Julai. Monika alitoka 4 Mei akaenda 27 Agosti, siku moja kabla ya mwanawe Augustino. Malaika Gabrieli na Rafaeli, waliokuwa na siku zao, walikusanywa pamoja na Mikaeli tarehe 29 Septemba.

Matokeo yake yalionekana ndani ya nyumba. Babu aliyebatizwa Matia miaka ya 1930 alifundishwa 24 Februari, akaishika hivyo maisha yake yote. Mjukuu wake mwenye jina hilohilo akisoma kalenda ya parokia anaona 14 Mei. Na shangazi aliye katekista atawaambia wote wawili kwamba siku yao ni 3 Juni, kwa ajili ya Kalemba. Wote watatu wanasema kweli. Ukikuta mzozo wa tarehe katika familia, tazama kwanza mwaka ambao mwenye kuitaja tarehe hiyo alifundishwa dini. Aliyefundishwa kabla ya mwaka 1970 huwa na tarehe ya zamani, na hapo kosa halipo upande wowote.

Hata tarehe isiyobishaniwa inaweza kusogea katika mwaka fulani. Kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Jinja lina Mtakatifu Yosefu kuwa somo wake, na sherehe yake ni 19 Machi. Mwaka 2023 tarehe hiyo ilikuwa Jumapili ya Kwaresima. Jumapili ya Kwaresima haiachii nafasi yake kwa mtakatifu yeyote, basi Yosefu akasubiri mpaka Jumatatu, 20 Machi, na akina Yosefu wote pamoja naye. Waorthodoksi wa Ugiriki wana kanuni inayofanana na hiyo: Mtakatifu Georgi ni 23 Aprili, lakini Pasaka ikiwa bado haijafika siku hiyo, Georgi husherehekewa Jumatatu baada ya Pasaka. Mwaka 2024 Pasaka yao ilikuwa 5 Mei, kwa hiyo akina Georgi walisherehekea 6 Mei. Siku ya kuzaliwa haifanyi hivyo kamwe. Cheti hakijui Kwaresima.

*

Siku ya kuzaliwa, kama inavyosherehekewa sasa mijini Jinja na Mbale, kila msomaji ameiona. Kuna keki yenye jina na namba ya miaka, mishumaa, wimbo wa Kiingereza, soda, na mwenye siku hukata keki akawalisha watu vipande mmoja mmoja kuanzia wazazi. Vijana huongeza ndoo ya maji, wakamvizia mwenzao nje ya mlango na kumlowesha. Ni sherehe yenye furaha ya kweli na sina neno baya juu yake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kila kitu ndani yake kinamwelekea mtu mmoja na kinategemea namba. Mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa hawezi kuweka mishumaa. Wazee wengi wa mashariki mwa Uganda walizaliwa bila tarehe kuandikwa, wakakumbukwa kwa njaa fulani, kwa mafuriko fulani, au kwa mtawala fulani. Kwao sherehe ya kuzaliwa ilikuja kama kitu cha watoto waliosoma.

Sikukuu ya somo haina namba. Mwenye miaka sabini na mwenye miaka saba wanaitwa Monika, wote wana 27 Agosti, na hakuna anayeuliza umri. Wala si ya mtu mmoja: kwenye parokia kubwa watu wenye jina la Yosefu wanaweza kujaza mabenchi kadhaa, na pongezi za mmoja ni za wote. Na tofauti na keki, ambayo lazima mtu fulani akununulie, somo hudai kidogo sana. Unakwenda Misa, unasali, unaambiwa hongera ya somo, na mwenye uwezo huwakaribisha wenzake chai au chakula. Ugiriki, ambako desturi hii ina nguvu kuliko siku ya kuzaliwa, wageni huja bila kualikwa na mwenye jina ndiye anayekirimu. Kalenda imekwisha kuwaita, basi kadi za mwaliko za nini?

Nisiseme zaidi ya ukweli. Katika nyumba za kawaida za Jinja na Mbale sikukuu ya somo ya mtu mmoja mmoja haikuwahi kuwa na nguvu kama ya Ugiriki au Poland. Mahali ilipokita mizizi ni kwenye nyumba za watawa, seminari, na jumuiya. Katika konventi, sista huandaliwa maua na meza siku ya somo wake, na kwa vizazi vingi siku yake ya kuzaliwa ilipita kimya, kwa sababu alikuwa ameacha hata jina alilozaliwa nalo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano mashirika mengi yaliwaruhusu masista kubaki na majina yao ya ubatizo, na siku ya kuzaliwa ikaanza kuingia konventini. Jumuiya na parokia nazo zina masomo wao, na siku ya somo wa parokia ndiyo inayokusanya watu wengi zaidi: Misa ndefu, ngoma, mchango wa chakula, mara nyingine ubatizo au ndoa zilizosubiriwa siku hiyo. Kwa hiyo mtu wa huku huenda asijue siku ya somo wake mwenyewe, lakini siku ya somo wa parokia yake anaijua.

*

Kwa Waanglikana mambo yako tofauti. Misheni ya CMS iliyoleta Uanglikana Uganda ilikuwa ya kiinjili, haikuwa na mazoea ya kuomba kwa watakatifu, na haikuwafundisha watu kutafuta somo. Majina ya ubatizo yalitoka katika Biblia, na makanisa yaliwekwa chini ya majina ya mitume. Kanisa kuu la Waanglikana la Mbale ni la Mtakatifu Andrea, ambaye siku yake ni 30 Novemba. Lakini mwenye jina la Andrea katika kanisa hilo hatarajii kupongezwa siku hiyo.

Pamoja na hayo, ni Waanglikana wa Busoga walio na jina ambalo naliona limepita katika njia ileile ya kale iliyozaa sikukuu za somo. Askofu James Hannington alizaliwa Uingereza tarehe 3 Septemba 1847. Mwaka 1885 alijaribu kuingia Buganda kutokea mashariki, njia ambayo Kabaka Mwanga aliiogopa. Alikamatwa Busoga na chifu Luba wa Bunya, akazuiliwa siku kadhaa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa Kyando pamoja na wengi wa wapagazi wake. Kyando leo iko katika wilaya ya Mayuge, na watu huenda kuhiji pale. Kalenda za Waanglikana zinamkumbuka 29 Oktoba, siku ya kifo, na 3 Septemba haina ibada. Jina lake, ambalo Uingereza ni la ukoo, Uganda limekuwa jina la kwanza la wanaume wengi. Mtu aitwaye Hannington ana tarehe ya kifo, mahali pa kuhiji, na historia nzima ya jina lake ndani ya wilaya moja. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia hongera asubuhi ya 29 Oktoba. Na Bunya ileile ilimzaa Kalemba na ikamwona Hannington akifa, miezi saba kabla Kalemba naye hajauawa. Somo wa Wakatoliki na somo ambaye Waanglikana hawamwiti somo wanaunganishwa na ardhi moja.

Ukipanda kuelekea Mbale, unakuta hesabu nyingine ambayo ni ya zamani kuliko keki na kuliko kalenda ya mapadre. Wamasaaba hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu wa imbalu hufunguliwa Mutoto, pembeni ya mji wa Mbale, mwezi wa Agosti. Mwanamume wa Bugisu hujulikana kwa mwaka aliosimama kukatwa. Waliosimama mwaka mmoja ni wenzake mpaka kufa, na umri wao wa kuzaliwa unaweza kupishana. Kwa upande wa majina, ukoo humpa mtoto jina la marehemu au la hali iliyokuwapo: Wanzala na Nanzala hukumbusha njaa. Kwa mtu aliyezoea hayo, mafundisho ya somo hayakuwa mageni kama tunavyoweza kudhani. Kupewa jina la aliyetangulia, na kuhesabiwa pamoja na wenzako badala ya peke yako, yote mawili yalikuwapo. Kilichokuwa kigeni ni sherehe ya kila mwaka ya mtu mmoja kwa sababu tu ya kuzaliwa.

Mgongano ulitokea kwenye daftari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina jingine, paroko aliongeza la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Ndiyo maana Wanzala wa miaka hiyo ni Wanzala Petro, au Wanzala Yohane, hata kama nyumbani hakuna aliyewahi kumwita Yohane. Sheria ya mwaka 1983 ililegeza: inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Tangu hapo mtoto anaweza kubatizwa Wanzala peke yake, au jina zuri la Kiingereza lisilo na mtakatifu, na daftari likakubali.

Mtoto huyo atasherehekea lini? Mapadre wengi humpa 1 Novemba, sherehe ya Watakatifu Wote, siku iliyowekwa kwa ajili ya wale ambao hawana tarehe inayojulikana. Lakini ipo nafasi ya pili. Kwenye misheni kama Nyondo, karibu na Mbale, na katika parokia nyingi za huku, kijana anayejiandaa kwa Kipaimara huchagua jina la mtakatifu atakayemfuata. Wakati wa ubatizo alikuwa mikononi mwa wengine, na safari hii ana umri wa kusoma maisha ya watu na kuuliza. Akichagua Yohane, katekista mzuri atamwuliza hapohapo: yupi? Mbatizaji wa 24 Juni, mtume wa 27 Desemba, Bosko wa 31 Januari, au Muzeyi, wa mwisho kuuawa kati ya mashahidi 22, aliyekufa 27 Januari 1887? Na jibu la kijana linafaa kuandikwa pembeni ya jina lake, katika safu ambayo daftari halina.